Gramu Mbili za Mrututu Zilikwenda Wapi?

Jaribio la kutengeneza fuwele za salfeti ya shaba linapendwa katika maabara za sekondari kwa sababu kila hatua yake inaonekana kwa macho. Unga mweusi unaingia kwenye asidi isiyo na rangi, kimiminika kinageuka buluu, na baada ya siku moja au mbili bakuli linakuwa na fuwele za buluu iliyokolea. Huo ndio mrututu, uleule ambao wakulima huuchanganya na chokaa kupulizia mimea dhidi ya magonjwa ya ukungu. Kisha zamu ya mizani inafika. Tuseme hesabu ya daftarini ilitabiri gramu 6.24, na mizani inasoma 4.1. Mwalimu anauliza gramu mbili na ushei zimekwenda wapi, na jibu linalopatikana kwenye madaftari mengi ni "makosa ya kibinadamu".

Jibu hilo halielezi kitu. Shaba haitoweki, kwa hiyo kila chembe iliyokosekana kwenye mizani iko mahali fulani, na kwa jaribio hili mahali hapo panaweza kutajwa pamoja na kiasi kilichopo. Ukifuatilia utaona kwamba sehemu kubwa ya upungufu haikutokana na mkono mzito wala haraka ya mwanafunzi. Iliachwa nyuma na njia yenyewe ya kutengeneza fuwele, na iliachwa kwa faida.

Hiyo 6.24 inatoka wapi

Mavuno ya kinadharia ni uzito wa zao ambao ungepatikana kama mmenyuko ungekwenda mpaka mwisho, na kama kila tone lingefika salama kwenye mizani. Ni kikomo cha juu kinachopatikana kwa hesabu. Mavuno halisi ni kile mizani inachosema. Asilimia ya mavuno ni mavuno halisi kugawanywa kwa mavuno ya kinadharia, kisha mara mia.

Mmenyuko wenyewe huandikwa hivi:

CuO + H2SO4 → CuSO4 + H2O

Moli moja ya oksidi ya shaba hukutana na moli moja ya asidi ya salfuriki, na inatoka moli moja ya salfeti ya shaba. Maji yakipungua, kila moli ya salfeti hujifunga na moli tano za maji ndani ya fuwele, ndiyo maana fuwele huandikwa CuSO4·5H2O. Hayo maji matano ni sehemu ya fuwele kama ilivyo shaba, na lazima yaingie kwenye uzito. Moli moja ya fuwele ina gramu 249.5. Anayesahau maji hayo atatumia 159.5, na hesabu yake yote itakwenda kombo.

Sasa tuchukue vipimo vya jaribio letu. Tumepima mililita 25 za asidi yenye moli 1 kwa lita. Humo mna moli 0.025 za asidi. Kila moli ya asidi hutoa moli moja ya fuwele, basi tunatarajia moli 0.025 za fuwele, na 0.025 mara 249.5 ni gramu 6.24.

Kwa nini tumehesabu kwa asidi na si kwa oksidi? Kwa sababu asidi ndiyo inayokwisha kwanza. Moli 0.025 za asidi zinahitaji oksidi karibu gramu 2, nasi tumetia gramu 2.5 makusudi, ili asidi yote ipate wa kumenyuka naye. Oksidi iliyozidi haiyeyuki majini, hivyo inachujwa na kutupwa. Asidi ingezidi isingechujika. Ingebaki ndani ya mmumunyo hadi mwisho. Kitendanishi kinachokwisha kwanza ndicho kinachoamua mavuno, na hicho ndicho cha kuhesabia kila mara.

Mmenyuko wenyewe una hatia gani?

Kabla ya kulaumu karatasi ya chujio, tuuhoji mmenyuko. Ipo michakato ambayo haiwezi kufika asilimia mia hata ukiifanya kwa uangalifu wa kupindukia, kwa sababu mazao yake hurudi kuwa vitendanishi. Mfano unaofahamika ni ethanoli na asidi ya ethanoiki zinapotengeneza esta. Ukichanganya moli moja ya kila kimoja na kusubiri, mmenyuko unatulia pale ambapo takriban theluthi mbili tu ya moli ya esta imepatikana. Kuanzia hapo esta inavunjika kwa kasi ileile inayotengenezwa. Mwanafunzi anayepata asilimia 60 hapo, bila kuiondoa esta wala maji wakati mchakato ukiendelea, ameshafika karibu na mwisho wa safari.

Ipo pia michakato inayochepuka. Ukiunguza utepe wa magnesiamu ndani ya kruzibo, unatarajia oksidi ya magnesiamu peke yake. Lakini magnesiamu yenye moto mkali hushika pia naitrojeni ya hewa na kutengeneza nitridi. Kwa kila gramu ya magnesiamu, nitridi ina uzito mdogo kuliko oksidi, kwa hiyo mizani inasoma pungufu ingawa hakuna kilichomwagika. Ndiyo sababu maelekezo mazuri humwambia mwanafunzi atie matone machache ya maji kwenye kruzibo iliyopoa, kisha apashe tena: maji huivunja nitridi na kutoa amonia, na mwishowe hubaki oksidi.

Je, mrututu wetu una matatizo kama hayo? Hauna. Oksidi ya shaba na asidi ya salfuriki iliyozimuliwa hazina njia ya pembeni ya kupitia, na zikipewa joto na muda mmenyuko unakwenda hadi asidi inakwisha kabisa kwa kipimo cha maabara ya shule. Hatari pekee ni kuharakisha. Asidi inapopungua mmenyuko hupoa mwendo, na mwanafunzi aliyezoea kuona unga ukipotea papo hapo anaweza kuona chembe chache nyeusi zimebaki na kudhani kazi imekwisha, kumbe zilikuwa bado zinayeyuka. Njia ya kuhakikisha ni kuendelea kupasha na kukoroga kwa dakika kadhaa baada ya kuona unga haupungui tena. Unga mweusi ukibaki vilevile, asidi imekwisha.

Wengine hutafuta uhakika kwa karatasi ya litimasi, nayo huwapotosha. Mmumunyo wa salfeti ya shaba una uasidi kiasi wa kwake wenyewe, hivyo litimasi ya buluu itageuka nyekundu hata kama hakuna tone la asidi ya salfuriki lililosalia. Anayesubiri litimasi itulie ataendelea kuongeza oksidi mpaka kopo liishe.

Kwa hiyo, jaribio likifanywa kwa utaratibu, mmenyuko unatukabidhi karibu gramu zote 6.24, zikiwa bado ndani ya mmumunyo. Upungufu wote unaokuja unatokea baada ya mmenyuko kwisha, katika safari kutoka kwenye bika hadi kwenye mizani.

Kinachobaki ndani ya maji

Baada ya kuchuja oksidi iliyozidi tuna mmumunyo wa buluu wa karibu mililita 25. Tunaupasha katika bakuli la kuvukizia ili maji yapungue, lakini hatuyamalizi. Tunaacha pale ambapo kijiti cha kioo, kikichovywa na kuinuliwa kipoe, kinaonyesha fuwele ndogondogo ubavuni. Hapo mmumunyo wa moto umekaribia kushiba. Tunauacha upoe polepole, fuwele zinajitenga, na kimiminika kilichozizunguka tunakichuja na kukiweka kando. Tukiite mmumunyo baki.

Mmumunyo huo bado ni wa buluu, na rangi hiyo ni shaba. Chumvi yetu haiondoki yote majini kwa sababu tu maji yamepoa; maji baridi nayo yana kiasi chake cha kushikilia. Katika nyuzi joto 20 za Selsiasi, kila gramu 100 za maji ya mmumunyo hushikilia takriban gramu 32 za mrututu, ukihesabu maji ya fuwele zilizoyeyuka pamoja na hayo mia. Karibu na kuchemka, maji hayohayo hushikilia zaidi ya gramu 110. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo inayotupa fuwele, na ile 32 ndiyo kodi tunayolipa.

Tufanye hesabu ya kodi hiyo. Tuseme fuwele zilipomaliza kutoka, mmumunyo baki ulikuwa na gramu 5 za maji. Maji hayo yanashikilia gramu 1.6 za mrututu. Toa 1.6 kwenye 6.24, unabaki na 4.64, yaani asilimia 74. Hakuna aliyekosea na hakuna kilichomwagika, lakini tayari robo nzima ya mavuno haipo.

Sasa tuseme mwanafunzi wa pili aliogopa kuunguza chumvi yake, akazima moto mapema, na mmumunyo baki ukawa na gramu 10 za maji. Kodi inakuwa mara mbili, gramu 3.2, na mavuno yanashuka hadi asilimia 49 hivi. Tofauti ya gramu 5 za maji, kijiko kimoja cha chai, imemnyang'anya robo nyingine ya mavuno. Unapolinganisha matokeo ya vikundi viwili vilivyotumia vipimo vilevile na kukuta pengo kubwa, hapa ndipo pa kutazama kwanza: kila kikundi kilizima moto lini?

Joto la chumba nalo lina neno lake. Maabara ya Tanga au Mombasa siku ya jua inaweza kuwa na nyuzi 30, na katika joto hilo gramu 100 za maji hushikilia karibu gramu 38. Maabara ya Njombe asubuhi ya Julai ni baridi zaidi hata ya zile nyuzi 20. Wanafunzi wa pwani wenye mmumunyo baki wa gramu 10 za maji wataacha humo gramu 3.8, na kubaki na asilimia 39. Wakiweka bakuli lao ndani ya sinia la maji ya barafu kabla ya kuchuja, watarudisha sehemu ya kile ambacho hali ya hewa imewachukulia.

Swali linalofuata ni la haki: kama chumvi imo majini, kwa nini tusivukize maji yote tuchukue kila kitu? Kwa sababu ndani ya mmumunyo baki hamna mrututu peke yake. Kama oksidi ilikuwa na uchafu wa chuma, chuma hicho kimeyeyuka na kimo humo. Kama kuna asidi iliyosalia, nayo imo, na kwa kuwa asidi ya salfuriki haivukizwi pamoja na maji, inazidi kukolea kadiri maji yanavyopungua. Fuwele inapojijenga taratibu huchagua chembe zinazolingana nayo na kuuacha uchafu mwingi nje. Ukikausha hadi tone la mwisho, unaukusanya uchafu wote ndani ya zao lako. Gramu 1.6 zilizobaki ndizo malipo ya usafi wa gramu 4.64 zilizotoka.

Kuna sababu ya pili. Bakuli likikauka juu ya moto, fuwele hupoteza maji yake matano na kuwa unga mweupe. Shaba yote ipo, lakini gramu 6.24 za mrututu zimekuwa gramu 3.99 za chumvi kavu. Mwanafunzi atapima, ataona asilimia 64, na ataanza kutafuta zilipomwagika gramu ambazo zimepaa kama mvuke. Rangi ndiyo inayosema ukweli: ukiona kingo za bakuli zinaanza kuwa nyeupe, moto umepita kiasi.

Anayetaka kujiridhisha kwamba chumvi imo kwenye mmumunyo baki anaweza kuuvukiza tena kidogo, kutoka gramu 5 za maji hadi 2, na kuuacha upoe. Maji yaliyobaki yatashikilia gramu 0.64, na karibu gramu nzima ya fuwele itajitokeza. Haya ni mavuno ya pili. Yapimwe peke yake na yasichanganywe na ya kwanza, maana uchafu uleule sasa umo ndani ya maji machache zaidi na fuwele hizi si safi kama za awali. Kinachobaki kiwekwe kwenye chupa ya taka za shaba, kisimwagwe kwenye sinki, kwa kuwa shaba ni sumu kwa samaki na viumbe wengine wa majini.

Hasara za njiani

Tumefika gramu 4.64, na mizani yetu ilisema 4.1. Bado hatujaieleza nusu gramu.

Anza na chujio la kwanza, lile lililoondoa oksidi nyeusi. Kila mililita ya mmumunyo wakati huo ilikuwa na robo gramu ya mrututu. Karatasi ya chujio na tope jeusi lililo juu yake vikibaki na mililita moja tu, robo gramu imebaki hapo, na karatasi inakuonyesha yenyewe kwa kuwa ya buluu ukingoni. Dawa yake ni kuisuuza karatasi kwa maji ya moto kidogo, mililita mbili kwa wakati mmoja, na kuyaacha maji hayo yaanguke ndani ya bakuli lilelile. Maji hayo ya ziada hayadhuru, kwani bado yatavukizwa.

Kwenye bika, kijiti na faneli kunabaki utando mwembamba, tuseme sehemu ya kumi ya gramu. Mmumunyo unaochemka kwa fujo hurusha matone nje ya bakuli, na matone hayo huacha madoa ya buluu mezani, kwa hiyo hasara ya aina hii haijifichi. Mwishowe kuna fuwele zilizong'ang'ania bakuli na karatasi ya pili wakati wa kuhamisha, tuseme sehemu mbili za kumi. Jumlisha: 0.25, 0.1 na 0.2 ni gramu 0.55. Ziondoe kwenye 4.64, utafika 4.09. Gramu 4.1 za mizani zimepata maelezo yake yote.

Hasara moja kubwa hatukuitia kwenye hesabu kwa kuwa inategemea mkono wa mtu, nayo ni kuosha fuwele. Fuwele huoshwa ili kuondoa mmumunyo baki uliozilowesha, lakini maji yanayoosha ndiyo hayohayo yanayoyeyusha. Mililita 5 za maji ya nyuzi 20 zikikaa na fuwele muda wa kutosha zinaweza kuondoka na gramu 1.6. Ndiyo maana huoshwa kwa matone machache ya maji ya barafu, yakimiminwa na kupita haraka. Anayeosha mpaka maji yanayotoka yawe meupe atasubiri hadi fuwele zake ziishe.

Namba ya chini ikiwa na makosa

Mpaka hapa tumeiamini ile 6.24. Lakini asilimia ina namba mbili, na namba ya kugawia inaweza kuwa mbovu.

Lebo ya chupa inasema moli 1 kwa lita. Asidi hiyo kwa kawaida ilizimuliwa na fundi wa maabara kutoka kwenye chupa ya asidi iliyokolea, na asidi iliyokolea huvuta unyevu wa hewa kila chupa inapofunguliwa. Chupa ya zamani inaweza kutoa asidi ya moli 0.9 badala ya 1, bila mtu kujua. Hapo kikomo halisi cha mavuno ni gramu 5.61, na gramu zetu 4.1 ni asilimia 73, si 66. Mwanafunzi atakuwa amebeba lawama ya asilimia saba ambazo hazikuwahi kuwemo ndani ya bika. Alama inayoonyesha tatizo hili ni kwamba darasa zima linapungukiwa kwa kiasi kinachofanana. Uzembe haugawanyiki sawasawa hivyo. Ukikuta upungufu umelingana, pima asidi kwa titresheni kabla ya kuwahoji wanafunzi.

Kosa la pili la namba ya chini ni kuhesabia kitendanishi kisicho chenyewe. Tuseme kikundi kimoja kilitia gramu 1.5 za oksidi badala ya 2.5. Sasa oksidi ndiyo iliyokwisha kwanza, na kikomo ni gramu 4.71. Kikundi kikapata gramu 3.5, kikagawanya kwa 6.24 kwa mazoea, na kuandika asilimia 56. Jibu sahihi ni 74. Dalili ilikuwapo tangu mapema: mmumunyo ulikuwa mwangavu kabisa, bila chembe nyeusi chini, na hapakuwa na cha kuchuja. Zaidi ya hayo, asidi iliyosalia itawasumbua mpaka mwisho, kwa sababu fuwele zilizoloweshwa na asidi ya salfuriki hazikauki. Asidi hiyo inavuta unyevu, na kila asubuhi fuwele zinakutwa zikinata.

Asilimia 92 yenye maji ndani

Hapo ndipo tunapokutana na tatizo ambalo wengi hulishangilia. Mwanafunzi mmoja anapata gramu 5.75, asilimia 92, na darasa linampigia makofi. Mwingine ana 6.5, ambayo ni asilimia 104. Huyu wa pili anashtukiwa mara moja, kwa kuwa huwezi kuvuna zaidi ya kilichopandwa na fuwele zake bila shaka zina maji ya juu. Lakini wa kwanza anaweza kuwa na kosa hilohilo, tena amejificha chini ya mia. Baada ya yale tuliyoona kuhusu mmumunyo baki, asilimia 92 kwa fuwele za mara moja inapaswa kuamsha maswali.

Njia ya kwanza ya kumpima ni kukausha na kurudia mizani. Fuwele hubanwa taratibu kati ya karatasi mbili za chujio, zikaachwa hewani, kisha zikapimwa leo na kesho. Uzito ukiendelea kushuka, yale yaliyopimwa jana yalikuwa na maji ya ziada. Huacha kukausha pale vipimo viwili vinapofanana. Moto hautumiki hapa, kwa sababu hautofautishi maji yaliyolowesha fuwele na maji matano yaliyo ndani yake.

Njia ya pili inautumia moto huohuo kama shahidi. Chukua gramu 2.50 za fuwele, uzipashe taratibu kwenye kruzibo mpaka ziwe nyeupe kote, uzipoze mahali pakavu na kuzipima. Kama zilikuwa mrututu mtupu uliokauka vizuri, zitabaki gramu 1.60. Moto usizidi, kwa kuwa joto kali huivunja chumvi yenyewe, na weusi ukianza kuonekana umekwisha kurudi kwenye oksidi ya shaba.

Tuseme sampuli ya yule mwenye asilimia 92 imebaki gramu 1.30. Gawanya 1.30 kwa 1.60, unapata 0.81: kati ya kila gramu aliyopima, ni sehemu 81 tu za mia zilizokuwa mrututu, nyingine zilikuwa maji yaliyolowesha. Gramu zake 5.75 zinashuka hadi 4.67, na asilimia yake inakuwa 75. Ni matokeo mazuri, nayo yanakaribiana sana na kile ambacho hesabu ya umumunyifu ilitabiri kwa gramu 5 za maji.

Cha kuandika kwenye ripoti

Ripoti yenye sentensi "mavuno yalipungua kwa sababu ya makosa ya kibinadamu" haimsaidii anayesahihisha wala aliyeandika, kwani hakuna linaloweza kubadilishwa safari ijayo. Linganisha na ripoti hii: "Mavuno ni asilimia 66. Mmumunyo baki ulikuwa na maji takriban gramu 5 katika nyuzi 20, hivyo gramu 1.6 zilibaki humo. Karatasi ya kwanza haikusuuzwa, nayo ilikuwa ya buluu. Fuwele zilipimwa siku mbili mfululizo bila mabadiliko ya uzito." Anayeisoma anajua upungufu ulipo, anajua upi ungezuilika na upi ulikuwa lazima, na anajua kwamba gramu 4.1 ni za mrututu na si za maji.

Ili kuandika hivyo unahitaji kupima vitu viwili ambavyo maelekezo mengi ya jaribio hayavitaji: uzito wa mmumunyo baki, na joto lake wakati wa kuchuja. Bakuli tupu lipimwe kabla, kimiminika kipimwe baada, na kipimajoto kizamishwe humo kabla ya karatasi kuwekwa kwenye faneli. Mmumunyo baki wa nyuzi 20 ulioshiba ukiwa na uzito wa gramu 6.0, umebeba gramu 1.6 za mrututu, na maji yake yote, pamoja na yale ya fuwele zilizoyeyuka, ni gramu 5. Hiyo ni kazi ya dakika tano, na inamwezesha mwanafunzi kujua, kabla hata fuwele hazijakauka, mizani inapaswa kusoma karibu na ngapi.